Katuni ya wazazi: barua nimeiandika upya

Haya jamani, ile kazi ya kuchoresha katuni kutoka picha ya harusi ya mzee na bimkubwa, 1987. Barua ya kwanza nilimwandikia mchoraji mistari miwili tu, "kaka nichoree wazazi wangu katuni, wapendeze", picha yenyewe nimeipiga na simu usiku chini ya taa nikaitupa Wasapu. Mchoro wa penseli umerudi bimkubwa kanuna kama anadaiwa kikoba, na mzee ana baka jeupe shavuni, kumbe ni ile taa. Simlaumu, kachora alichokiona.

Jana nikaenda kuskani pale Makoroboi, Mwanza. Picha imegandia kwenye albamu ya gundi, kijana wa steshenari akataka kuibandua nikamwambia acha kabisa, ukivuta uso unabaki kwenye karatasi. Tukafunua plastiki ya juu tu, tukalaza ukurasa mzima kwenye mashine, 600 dpi. Safari hii nimetuma kama dokyumenti maana Wasapu ikituma kama picha inaiminya, na huko ndiko macho yanakopotelea.

Shida nyingine rangi. Picha za zamani ubluu unafifia kwanza, wekundu unabaki, ndo maana suti ilionekana kahawia na shela kama pinki. Nikampigia mama mdogo (bimkubwa hatakiwi kujua), akacheka, "Suti ilikuwa bluu bwana, baba yako aliazima!"

Basi barua mpya inasema hivi:

"Kaka, shikamoo ya kazi. Suti ni bluu iliyoiva, shela nyeupe kabisa, usifuate rangi za picha. Mama hajanuna, enzi hizo bibi harusi hacheki, anaangalia chini, sasa mwache aangalie chini hivyo hivyo ila pembe za midomo zipande kidogo. Nimekuwekea picha yake ya juzi anacheka, iangalie mashavu tu, usimzeeshe. Kidoti chake cha kushoto kisitoke. Mzee masikio ni yake, ukiyapunguza si yeye tena. Pazia la studio toa, weka ziwa na Jiwe la Bismarck, lile jiwe refu lisimame nyuma katikati yao, lisimuote mtu kichwani. Itaprintiwa A3, niachie sentimita mbili tupu pande zote maana fremu inakula. Kabla ya rangi nitumie penseli kwanza, nirekebishe mara mbili, ya tatu nalipia."

Hiyo ya mara mbili aliidai mwenyewe, na ni haki, ukishapaka rangi kubadilisha uso ni kuanza upya.

Nusu ya hela nimetuma. Saa hii kajibu kitu kimoja tu, masikio ayakuze kiasi gani? Nimemwambia kuza, mzee mwenyewe anasemaga ndo yalimfanya asikie bimkubwa akikubali.