Kichwa, Moyo na Mkia

Jana jioni Neema alifungua kichupa cha kutolea rangi ya kucha, na harufu yake ikanirudisha Veneto, kaskazini mwa Italia, Novemba ile tuliyokwenda kwa mjomba wa mume wangu, kwenye kiwanda chake kidogo cha grapa, pombe kali ya makapi ya zabibu.

Makapi ya zabibu yalikuwa yamerundikwa uani, maganda na mbegu zilizobaki baada ya divai kukamuliwa, bado na unyevu. Mzee hakutaka yalale. Yakikaa sana huota ukungu na kuwa siki, na kasoro hiyo hutoka nayo mpaka kwenye chupa. Aliyapakia kwenye mitungi ya shaba, akapitisha mvuke katikati yake, maana moto wa moja kwa moja huunguza maganda.

Kisha akaniita kwenye bomba. Matone ya kwanza aliyakinga, akanitilia viganjani. "Sugua, binti, halafu unuse." Ilikuwa harufu ya kichupa cha Neema, kali mpaka machozi. "Kichwa," akasema, akayatenga. Tulisimama pale, shaba ikitoa joto, yeye ananusa, ananyamaza, ananusa tena. Ghafla akageuza bomba kwenye chombo kingine, akanitilia tena. Zabibu! Zabibu mbichi, na ukali msafi nyuma yake. "Moyo." Baadaye sana yakaja yaliyonuka karatasi iliyolowana, yenye mafutamafuta. "Mkia." Nayo akayatenga.

Moyo hutoka ukiwa na kilevi kinachoweza kufika asilimia 70, ukapunguzwa kwa maji mpaka kama 40. Sheria hairuhusu chini ya 37.5. Grapa iliyolazwa kwenye pipa la mwaloni hupata rangi na ulaini wa mti. Hii nyeupe hukaa miezi michache tu kwenye tangi la chuma, na chuma hakiipi kitu. Ukali wa maganda na mbegu unabaki wazi.

Mchana tulikula polenta na nyama, ikaja kahawa. Vikombe vilipobaki na sukari chini, Mzee akatia grapa kidogo katika kila kimoja, akakizungusha. Wenyeji huita rezentin, yaani kusuuza. Nilimeza yangu kwa mkupuo kama dawa, koo likawaka, nisionje chochote.

"Polepole," mama mkwe akanishika mkono. "Lowanisha midomo tu. Ngoja. Sasa toa pumzi puani."

Nikafanya hivyo. Moto ukapita, na nyuma yake zikarudi zile zabibu za viganjani.

Wao wanasema inashusha chakula. Sina hakika, ingawa tulikaa mezani mpaka giza likaingia. Nilichotaka kujua mimi ni ile dakika ya bomba, kwa sababu nilikuwa nimenusa kabla na baada, na mpaka wenyewe sikuuhisi. Nikamwuliza Mzee alijuaje.

Akanyanyua kikombe chake, akanusa kwa muda mrefu, akanisogezea na mimi.