Nilivyopata salio la mkopo baada ya rejesho la 14 bila jedwali zima

Mkopo ulikuwa wa 6,000,000, riba 18% kwa mwaka, unalipwa kwa miezi 36 kwa marejesho yanayolingana. Nilitaka kujua jambo moja tu: mara baada ya kulipa rejesho la 14, deni limebaki kiasi gani? Jedwali la marejesho lingenijibu, lakini ningelazimika kupitia mistari 14, kila mmoja ukibeba riba, sehemu inayopunguza deni na salio. Ukikosea mstari wa tatu, mistari yote inayofuata inakosea nao. Kanuni inafika palepale kwa hatua chache, na namba zinazohitajika ni nne: mkopo, riba ya mwezi, rejesho, na idadi ya marejesho yaliyokwisha kulipwa.

Kwanza niondoe makadirio mawili ambayo watu huyakimbilia. La kwanza ni kusema marejesho 22 yamebaki, kila moja 216,914.37, basi deni ni 4,772,116.14. Hapo ndani imo riba ya miezi ambayo haijafika, kwa hiyo kiasi ni kikubwa mno kwa mtu anayetaka kumaliza mkopo leo. La pili ni kugawa mkopo kwa 36 na kuzidisha kwa 22, unapata 3,666,666.67. Hiki nacho ni kidogo mno, kwa sababu marejesho ya mwanzo hubeba riba nyingi na hupunguza deni polepole. Jibu sahihi liko katikati, na haliko katikati kabisa.

Kanuni inatokana na kazi ambayo jedwali hufanya. Kila mwezi salio huongezewa riba, kisha rejesho hutolewa. Kwa mwezi wa kwanza, 6,000,000 mara 1.015 ni 6,090,000, toa 216,914.37, linabaki 5,873,085.63. Mwezi wa pili salio hilo nalo linazidishwa kwa 1.015, kisha rejesho linatolewa tena. Ukiendelea hivyo hadi mwezi wa 14, mkopo wa awali utakuwa umezidishwa kwa 1.015 mara 14. Rejesho la kwanza litakuwa limezidishwa mara 13, la pili mara 12, na kuendelea hadi la 14, ambalo halijazidishwa hata mara moja. Jumla ya marejesho hayo yote ina njia yake fupi, na ukiiweka mahali pake unapata hii:

```
B = P*(1+i)^k - A*((1+i)^k - 1)/i
```

P ni mkopo, i ni riba ya mwezi, A ni rejesho la kila mwezi, k ni idadi ya marejesho yaliyolipwa, na B ndilo salio. Kwa maneno mengine, sehemu ya kwanza ni deni lingekuwa kiasi gani kama hakuna aliyelipa chochote. Sehemu ya pili ni marejesho yote yakihesabiwa pamoja na riba ambayo kila moja limeizuia tangu siku lilipolipwa.

Riba ya mwaka ya 18% niliigawa kwa 12, nikapata 1.5% kwa mwezi, na ndani ya kanuni hiyo huandikwa 0.015. Rejesho hulipati kwa kukisia. Lichukue kama lilivyoandikwa kwenye mkataba. Hata hivyo mimi hulihakiki kabla ya kwenda mbali, kwa sababu ndilo linaloonyesha kama mkopo ni wa aina ambayo kanuni inaifaa:

```
A = P*i/(1-(1+i)^(-n))
```

Hapa n ni idadi ya marejesho yote ya mkopo; kwa n ya 36 inatoka 216,914.37. Kama mkataba unasema hivyo au karibu sana na hivyo, riba inatozwa juu ya salio linalopungua na unaweza kuendelea. Lakini kama mkataba ungesema 256,666.67, basi riba ingekuwa imepigwa juu ya mkopo wote kwa miaka mitatu, yaani 3,240,000, ikajumlishwa na mkopo, kisha jumla ikagawanywa kwa 36. Hapo kutumia 0.015 kungekupa salio la uongo, maana riba ya mkopo wa namna hiyo haipungui kadiri deni linavyopungua. Salio la kumaliza mkopo huo mapema linategemea masharti ya mkataba, na hesabu hii haiwezi kuyachukua nafasi.

Sasa kipeo. Kwenye kikokotoo cha kawaida kisicho na kitufe cha vipeo, sizidishi 1.015 mara 14. Nazidisha 1.015 kwa yenyewe, napata 1.030225, ambayo ni kipeo cha 2. Nazidisha hiyo kwa yenyewe, 1.06136355, kipeo cha 4. Tena kwa yenyewe, 1.12649259, kipeo cha 8. Kwa kuwa 8 na 4 na 2 ni 14, nazidisha hizo tatu pamoja, napata 1.23175573. Hizo ni kuzidisha mara tano tu, na nafasi ya kubonyeza vibaya imepungua.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni nyepesi. Sehemu ya kwanza: 6,000,000 mara 1.23175573 ni 7,390,534.38. Sehemu ya pili: toa 1, inabaki 0.23175573, gawa kwa 0.015, unapata 15.450382, zidisha kwa 216,914.37, unapata 3,351,409.89. Tofauti ya hizo mbili ni 4,039,124.50 baada ya kukadiria desimali za mwisho, na hilo ndilo salio baada ya rejesho la 14.

Kutoka hapo unaona pia fedha zilikwenda wapi. Marejesho 14 ni 3,036,801.18. Deni limepungua kwa 1,960,875.50 tu, zilizobaki, 1,075,925.68, ni riba. Mtu anayelipa mkopo anastahili kuiona namba hiyo kabla hajaamua kuumaliza mapema au kuendelea nao.

Kinachoharibu hesabu hii mara nyingi ni kukata desimali mapema. Ukiandika 1.23 badala ya 1.23175573, sehemu ya kwanza inakuwa 7,380,000, ya pili 3,326,020.34, na salio 4,053,979.66. Umekosea kwa 14,855.16, ingawa namba yenyewe haionekani kuwa na kasoro. Sababu ni kwamba desimali ulizozitupa zinazidishwa kwa mamilioni ya mkopo. Mimi hubakiza desimali nane au zaidi hadi mwisho, halafu ndipo nakadiria jibu. Kosa jingine ni kuandika 1.5 mahali pa 0.015; hilo hujitangaza lenyewe kwa sababu majibu hulipuka.

Kwenye lahajedwali fomula ni fupi zaidi:

```
=FV(0.015,14,216914.37,-6000000)
```

Alama ya kutoa mbele ya mkopo ina kazi yake. Mkopo na marejesho vinakwenda pande tofauti, kwa hiyo alama zao lazima zitofautiane. Ukiviacha vyote viwe chanya, inatoka −10,741,944.27, kwa sababu marejesho yamejumlishwa kwenye deni badala ya kulipunguza. Salio lolote linalozidi mkopo wenyewe, huku marejesho yamelipwa kwa wakati, ni dalili ya alama iliyogeuzwa. Baadhi ya lahajedwali, kulingana na mpangilio wa lugha, hutaka nukta-mkato badala ya mkato kati ya namba.

Ili kuhakiki jibu kuna njia ya pili, inayotazama mbele badala ya nyuma: salio ni thamani ya leo ya marejesho 22 yaliyobaki.

```
B = A*(1-(1+i)^(-22))/i
```

Hii inatoa 4,039,124.39, pungufu kwa 0.11 kuliko ile ya kwanza. Hakuna iliyokosewa. Rejesho halisi ni 216,914.3732 hivi, likakadiriwa kuwa 216,914.37, na vipande hivyo vidogo hukusanyika pamoja na riba. Njia ya kutazama nyuma ndiyo ninayoiamini, kwa sababu inahesabu kile kilicholipwa kweli. Njia ya mbele huchukulia kwamba marejesho 22 ya kiasi hichohicho yatamaliza deni kabisa, ilhali rejesho la mwisho ndilo hurekebishwa ili lifunge hesabu. Hapa litazidi kwa takriban 0.15. Tofauti ya kiwango hicho ni ya kawaida. Ikifika maelfu, kuna namba iliyoingia vibaya.

Njia nyingine ya kuhakiki hutumia risiti. Kama risiti ya rejesho la 15 inatenganisha riba, gawa riba hiyo kwa 0.015. Riba ya 60,586.87 inarudisha salio lile lile la 4,039,124.50, ila kwa tofauti ndogo ya kukadiria. Lakini mkopeshaji akihesabu riba kwa siku halisi za kila mwezi, riba ya mwezi wa siku 31 itakuwa juu ya ile ya mwezi wa siku 28, na namba hazitalingana kabisa na kanuni hata kama hakuna aliyekosea.

Tarehe nayo ina uzito. Salio nililolipata ni la dakika ile rejesho la 14 linapoingia. Ukienda kumaliza mkopo siku 10 baadaye, kuna riba ya siku hizo: 4,039,124.50 mara 0.18, gawa kwa 365, mara 10, ni 19,918.97. Mkataba ukitumia mwaka wa siku 360 inakuwa 20,195.62. Ada ya kulipa mapema, kama ipo, inakaa nje ya kanuni kabisa na inaongezwa mwishoni.

Kanuni hii inadai marejesho yote 14 yawe sawa na yawe yamelipwa kwa wakati. Yakitokea malipo ya ziada, usijaribu kuyachomeka ndani. Simamisha hesabu hapo na uanze upya. Tuseme pamoja na rejesho la 14 zimelipwa 500,000 za nyongeza, na rejesho la kila mwezi limebaki vilevile. Mkopo mpya ni 3,539,124.50, na k inaanza tena kutoka sifuri. Kutafuta salio baada ya marejesho sita mengine, 1.015 kwa kipeo cha 6 ni 1.09344326. Sehemu ya kwanza inakuwa 3,869,831.84, ya pili 1,351,279.12, na salio 2,518,552.73 baada ya kukadiria desimali za mwisho. Riba ikibadilishwa katikati ya mkopo, utaratibu ni huohuo: tafuta salio la siku ya mabadiliko, lifanye P mpya, kisha ingiza i mpya na rejesho jipya kama nalo limebadilishwa.