Vidole viwili chini ya mgongo

Mwanangu mdogo ameniuliza juzi kama Ijumaa anaweza kwenda Forodhani na wenzake kupiga makachu, kule kujirusha baharini kutoka ukutani. Sikumjibu papo hapo. Nilihesabu mwezi kwanza. Ijumaa hiyo ni bamvua, maji yatakuwa yamejaa kama saa kumi jioni, na ukuta ule ukiwa na maji ya kutosha chini yake ni kitu kimoja. Ukuta uleule saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo ni kitu kingine kabisa, maana siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4. Anayetanguliza kichwa bila kujua maji yako wapi huvunja shingo, na kuogelea kwake hakumsaidii kitu.

Swali lake bado linasubiri jibu, lakini lilinirudisha kwa dada yake, asubuhi ile ya Bububu na ami yao. Ami yao ni mtu asiyepandisha sauti hata jahazi likiingia maji.

Binti alikuwa na miaka saba. Sheria ya nyumba yetu ilikuwa kwamba bahari ni ya kutazama, mwisho vifundo vya miguu. Hofu hiyo haikuwa yangu peke yangu. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011, usiku, kati ya Unguja na Pemba. Kabla mwaka haujaisha tukapata ya Skagit, Julai 18, 2012, karibu na Chumbe. Mitaa mizima ilikaa matanga, na baada ya hapo nyumba nyingi zilifunga watoto ndani ya neno moja: usiende. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote wale. Meli ikipinduka usiku kwenye mkondo mkali, hata mvuvi hoi. Lakini neno "usiende" lina kasoro yake kisiwani. Mtoto hukua, na siku moja huenda, na aliyekatazwa huenda kwa siri, pamoja na watoto wenzake wasiojua zaidi yake.

Na kuzama hakuna kelele, jambo ambalo wazazi wengi hatulijui. Tunangoja ukelele na mikono inayopunga. Mtoto anayezama husimama wima majini kama anayepanda ngazi isiyokuwepo, kichwa kimerudi nyuma, mdomo unaingia na kutoka usawa wa maji, mikono inakandamiza maji pembeni. Hawezi kuita kwa sababu kila mdomo unapotoka anahitaji pumzi. Hali hiyo yaweza kuisha ndani ya dakika moja. Kwa hiyo mama aliyeketi mchangani akisikiliza, hasikii chochote.

Ami yao aliniambia, "Shemegi, mlete Jumamosi."

Nikamjibu kwamba nitamleta, ila nitamshika mwenyewe.

"Sawa. Lakini mikono yako nitaipangia kazi mimi."

Jumamosi ile aliichagua yeye, na hakuichagua kwa sababu skuli imefungwa. Mwezi ulikuwa nusu, maji mafu, mkondo umelegea. Siku kama hizo maji hujaa asubuhi, kama saa nne, basi tuliingia saa moja kabla, yangali yanajaa, ili kinachomsukuma mtoto kimsukume kuelekea pwani. Maji yakishasimama unafanya kazi kidogo, na yakianza kupwa unatoka. Alikuwa mkali pia juu ya nguo. Kanga na dera hunywa maji, huwa nzito na kufunga miguu. Binti alivaa fulana ya kubana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, sitara ipo na miguu iko huru. Maboya ya kupuliza ya mikononi niliyokuwa nimenunua aliyarudisha kwenye mkoba. Yanamweka mtoto wima, mkao uleule wa anayezama, na yanamfundisha kwamba maji humbeba hata asipofanya kitu. Siku anayasahau nyumbani, anaruka.

Tulisimama kwenye maji ya kifua chake, ambayo kwangu ni chini ya kiuno. Cha kwanza hakikuwa kuelea. Kilikuwa kusimama. Unalala chali ukiwa umeshikwa, kisha unaleta magoti kifuani, kidevu unakishusha, viganja vinasukuma maji kwenda chini, na miguu inateremka yenyewe mpaka mchangani. Alimrudishia hilo mpaka binti akaona linachosha. Nilidhani ni kupoteza muda. Kumbe mtoto asiyejua namna ya kutoka kwenye mkao hawezi kutulia ndani yake. Kila wimbi dogo linamfanya atafute shingo ya mtu.

Halafu ndipo kuelea. Nilitaka kumshika kiunoni, kama tunavyobeba watoto. Ami yao akakataa: ukimshika kiunoni anajikunja, makalio yanazama, anakaa kama yuko kitini. Akaniweka upande wa kichwa chake, nimepiga magoti mchangani, mabega yangu karibu na maji. Sababu yake ni nzuri. Mtoto anayeogopa hunyanyua kichwa amtafute mama yake, na kichwa kikinyanyuka tu, miguu inakwenda chini. Mama akiwa nyuma ya kichwa, mtoto anamwona kwa kuangalia juu, na kuangalia juu ndiko kunakoyaweka masikio majini na kidevu kikatazama mbingu. Viganja vyangu vikawa chini ya mifupa ya mabega, vimefunguka, vidole havikumkamata. Mikono yake kaitanua. Pumzi: vuta nyingi, zuia kidogo, toa upesi, vuta tena. Maji ya chumvi hubeba kuliko maji ya kisima, lakini kifua kikiwa kitupu mwili hushuka kidogo, na huko kushuka kidogo ndiko kunakomtia mtoto kiwewe.

Alipotulia, ami yao alianza kunivua mikono, maana ndivyo nilivyoiona kazi ile. Viganja viwili. Kisha vidole viwili vya kila mkono. Kisha vidole viwili vya mkono wa kulia tu, chini ya mgongo. Sharti lilikuwa moja: kila ninachoondoa nimwambie kabla. "Natoa mkono wa kushoto, mama." Wapo wanaomwachia mtoto kimyakimya huku wanasema nimekushika, na mtoto huelea kweli, lakini akigundua haamini tena neno hilo, na safari ijayo atakushika yeye, kwa kucha.

Nilisikia uzito wake kwenye vidole viwili. Haukuwa uzito. Ulikuwa kama wa kanga iliyoanikwa. Shingo yake ilikuwa imelegea, pumzi inapanda na kushuka, na kila ikishuka mgongo uligusa vidole kwa nguvu kidogo, kisha ukaviacha. Maji yalikuwa tayari yanambeba. Vidole vyangu havikuwa na kazi yoyote isipokuwa kwangu mimi. Nilimwambia, "Natoa vidole." Akafumba macho. Nikavishusha, shubiri moja chini yake, vikabaki hapo.

Wimbi dogo la ngalawa iliyopita mbali likaja, likampitia usoni, likaingia puani. Akakohoa, kichwa kikanyanyuka, kiuno kikazama, macho yakafunguka makubwa. Mikono yangu ilikuwa njiani. Ami yao alisema, kwa sauti ileile ya kuagiza chai, "Muache asimame."

Hapo ndipo penye somo zima, na bado sijui kama ningelifanya bila mtu pembeni. Hofu hupanda, hufika kileleni, na usipoikimbia hushuka yenyewe. Ukimnyanyua mtoto ikiwa kileleni, anachokumbuka ni kwamba maji yalitaka kummaliza na mama akamwokoa. Kesho hofu inaanzia juu zaidi, kwake na kwako. Ukimwacha kwenye maji ya kumuua, umekosea vibaya. Lakini yalikuwa maji ya kifua chake, mchanga chini, watu wazima wawili hatua moja. Hatari ilikuwa ndogo, hofu ndiyo iliyokuwa kubwa, na viwili hivyo havipimwi kwa kijiti kimoja.

Magoti yakaja kifuani. Viganja vikasukuma. Akasimama, makamasi na maji ya chumvi mpaka kidevuni, akanitazama kwa hasira kama kwamba wimbi nimelileta mimi. Akasema, "Tena."

Yaliyofuata yalikwenda kwa hatua, na kila hatua ilikuwa umbali. Mwanzoni mkono wangu ulimfikia bila kunyoosha mguu. Kisha hatua tatu. Kisha mimi nimesimama yeye anazunguka. Hatukupanda daraja mpaka la chini limechosha, yeye na mimi pia; likinifanya nizuie pumzi, tulibaki hapohapo. Kuogelea mita 25 bila kugusa chini, kujigeuza chali na kupumzika katikati, kisha kumaliza, kulituchukua kaskazi nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wafundishwe kuogelea kwa msingi na usalama wa majini kuanzia miaka 6, kwa hiyo hatukuwa mbele ya mtu.

Kuna vilivyolegea na vilivyokaza. Umbali ulilegea. Kutazama hakukulegea: yupo mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kwamba sasa zamu ni yake, simu haipo mkononi, na akitaka kuondoka anakabidhi kwa mdomo na anajibiwa. Tukiwa wazima kumi pwani bila zamu, kila mmoja anadhani mwenzake anatazama. Na haingii peke yake, hata sasa.

Bibi yao hadi leo anasema bahari haina mwenyeji. Sijawahi kumbishia, maana ni kweli, na wavuvi wanaijua zaidi yetu.

Ambalo halijaamuliwa ni maji ya kupwa. Ami yao anasema binti sasa afundishwe mkondo unaovuta nje: asipambane nao uso kwa uso, aelee, aogelee kwa pembeni sambamba na pwani mpaka umwachie, ndipo arudi. Anasema hilo halifundishwi mchangani kwa kuchora na kijiti, ataingia naye, siku ya maji mafu, na boya refu la kamba. Nimemwambia tungoje kaskazi ipite. Ameniuliza, kaskazi inahusiana vipi na maji kupwa? Sijampa jibu, kwa sababu analijua.