Kumbukumbu ya mradi: kikadiriaji chenye haraka kupita kiasi

Mradi wangu wa kozi ya udhibiti ni kigari kinachokwenda juu ya reli. Sensa inapima mahali kilipo tu, kasi haionekani, kwa hiyo lazima ikadiriwe. Nimechukua modeli nyepesi kabisa: mchapuko wa kigari ni amri `u` yenyewe, na mota haivuki 3 m/s².

Mrejesho wa hali haukunisumbua. Nilitaka poli, namba zinazoamua mfumo unatulia upesi kiasi gani, ziwe -2±2i, yaani s²+4s+8, na K, vizidishi vya mahali na kasi katika amri, ikawa [8 4] moja kwa moja. Kwa kikadiriaji nilifuata imani kwamba poli zake zikiwa na kasi zaidi ndivyo bora, nikaziweka mbali:

```
K = place(A, B, [-2+2i, -2-2i]);
L = place(A', C', [-40, -50])';
```

L, vizidishi ambavyo kikadiriaji hutumia kujisahihisha kwa kipimo, ikatoka [90, 2000]. Nikakokotoa poli za mfumo mzima, nazo zote nne zikawa palepale nilipozipanga. Nikaridhika mapema mno.

Simulizi ilianza na kigari kikiwa mita 0.1 kutoka sifuri, huku kikadiriaji kikidhani kiko sifuri. Baada ya sekunde 0.022 hivi, kasi iliyokadiriwa ilikuwa imezidi ile halisi kwa karibu 1.6 m/s, ilhali kigari ndiyo kwanza kinaanza kusogea. Sababu ni hii: kikadiriaji kinaona mahali pameruka ghafla kwa sentimita 10, na kwa kuwa kimeamrishwa kufuta kosa upesi, kinalitafsiri ruko hilo kuwa ni mwendo mkubwa. K inazidisha kasi hiyo ya uongo kwa 4, na amri inafika karibu -7. Mota inatoa -3 tu.

Hapo kosa la pili likajitokeza. Nilikuwa nakilisha kikadiriaji amri ya -7, si ile -3 iliyofika kwenye kigari. Utengano wa K na L, yaani kuipanga kila moja bila kujali nyingine, unasimama tu iwapo pande zote mbili zinapokea `u` ileile. Niliutambua ukweli huo kwenye mchoro wa tofauti kati ya kipimo na makadirio: badala ya kuzimika kwa mwendo wa poli -40 na -50, mstari ulipinda kila mota ilipogonga kikomo.

Nimebadilisha mambo matatu. Makadirio ya mahali sasa yanaanza na kipimo cha kwanza cha sensa, kwa hiyo ruko la mwanzo halipo tena. Amri inakatwa kwenye kikomo kabla ya kuingia kwenye kikadiriaji. Na poli nimezirudisha -8 na -10, L ikiwa [18, 80]. (Nilijaribu -10 mara mbili, `place` ilikataa, maana kwa kipimo kimoja hairuhusu poli kurudiwa.)

Hilo la tatu ndilo ninalolithamini zaidi, kwa ajili ya kelele. Kipimo kikiruka milimita 1, L ya kwanza inazalisha kasi ya uongo ya 16 mm/s, hii mpya 3.3 tu. Hata nilipourudisha makusudi ule mwanzo mbaya wa sentimita 10, amri haikufika 2.

Kinachofuata ni kuongeza msuguano wa reli, ambao modeli haina.