Namna ninavyokagua dodoso kabla halijaingia kazini

Dodoso likifika mezani kwangu, maswali nayaacha kwanza. Nachora majedwali ya ripoti yakiwa matupu, vichwa tu bila takwimu, halafu kila swali naliandikia namba ya jedwali litakaloingia. Swali lisilo na jedwali nalikata. Jedwali lisilo na swali ndilo pengo, na si kila pengo huzibwa kwa kuongeza swali. Katika dodoso moja la wagonjwa wa zahanati, jedwali la "sababu za kutorudi" lilibaki tupu. Dodoso lilikuwa likijazwa hapohapo zahanati, kwa hiyo waliokata tamaa wasingeulizwa kamwe. Ilibidi ama wafuatwe majumbani, ama jedwali lifutwe. Tulilifuta.

Swali lililonipa kazi zaidi ni hili: "Je, unakubali kwamba wahudumu wetu wanakuhudumia haraka na kwa heshima?" "Unakubali kwamba" limeshamwekea mtu jibu mdomoni, na wengi huitikia kwa adabu tu. Tena limebeba mambo mawili: aliyehudumiwa upesi huku akifokewa ajibu nini? Nililipasua. La kwanza likawa: "Leo, tangu ulipofika hadi ulipoitwa na mhudumu, ulisubiri muda gani?" Machaguo ya majibu mwanzoni yalikuwa dakika 0–30 na 30–60, kwa hiyo aliyesubiri dakika 30 alikuwa na visanduku viwili. Nikaandika "chini ya dakika 30", "dakika 30 hadi 59", "saa 1 au zaidi", na "bado sijaitwa". La pili: "Leo wahudumu walizungumza nawe vipi?" Hapa nahesabu majibu: yakiwa mazuri matatu na mabaya mawili, kipimo chenyewe kimeegemea upande. Nilibakiza vizuri sana, vizuri, wastani, vibaya, vibaya sana.

Utata wa maneno siuoni vizuri nikiwa peke yangu. Natafuta watu 5 hadi 8 wanaofanana na wahojiwa. Siwaulizi "umeelewa?", maana kila mtu atasema ndiyo. Nasema: "Nielezee kwa maneno yako swali linataka nini," kisha, kwa aliyejibu kwamba amekuja mara 2, "Hiyo mara 2 umeipataje?" Swali la kama mtu huja zahanati "mara kwa mara" nilishalibadilisha kuwa "katika miezi 3 iliyopita, bila kuhesabu leo, umekuja mara ngapi?" nikadhani nimemaliza. Mama mmoja alihesabu siku alizomleta mtoto, mwenzake aliziacha. Swali likagawanywa: kutibiwa mwenyewe, na kumsindikiza mgonjwa.

Baada ya marekebisho narudia na watu wengine 3, kwa sababu kiraka huleta tundu jipya. Aliyechagua "bado sijaitwa" alipofika kwenye swali la wahudumu alijibu "vizuri", akimkusudia mlinzi wa getini. Tukaongeza maelekezo ya kuruka swali hilo.