Kirusi kilichokaa kimya
Niligundua kuwa nina homa ya ini aina ya C nilipokwenda kuchangia damu, ingawa sikuwahi kuona manjano machoni, na uchovu niliokuwa nao niliusingizia umri. Daktari alinieleza kwamba sehemu ya ini ambayo bado ina afya huendelea kubeba kazi ya ile inayoharibika, ndiyo maana kirusi huweza kukaa miaka 20 bila dalili. Kipimo cha kwanza kilionyesha kingamwili tu, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi na ambazo hubaki hata kwa aliyepona, hivyo nikapimwa tena kutafuta kirusi chenyewe. Kilikuwepo.

Nilimeza sofosbuviri na daklatasviri kila siku kwa wiki 12. Dawa hizi huzuia kirusi kujizalisha na huponya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, kirusi hakikuonekana. Kingamwili bado ninazo, kwa hiyo damu yangu haitapokelewa tena.