Nilivyomshukuru jirani aliyebaki na wanangu

Mume wangu alishikwa na tumbo usiku wa manane. Maumivu yalianzia kitovuni, alfajiri yakawa yamehamia chini kulia, akawa hawezi kunyooka. Hospitali wakasema ni kidole tumbo, apasuliwe siku hiyo hiyo. Wanangu watatu nilikuwa nimemkabidhi mama wa nyumba ya pili, hapa Tanga, nikiwa mlangoni tu, bajaji inaunguruma nje. Alichonijibu ni, "Nenda mwanangu, hawa ni wangu." Wakalala kwake, wakala kwake, wakaenda shule kutokea kwake mpaka baba yao aliporuhusiwa.

Kumlipa pesa taslimu nisingethubutu. Kwetu huko ni kumgeuza mama wa watu yaya wa kibarua. Lakini gharama zilikuwepo, na yeye anaishi kwa kuuza vitumbua. Nikamuuliza binti yangu mkubwa taratibu walikula nini na nani alitoa nauli ya shule. Nikajua kumbe alinunua maziwa kila siku, na daftari pia. Basi nikapeleka mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta, nikisema ni vya jikoni, kwa kuwa wanangu walikula humo. Angalau nilikuwa na uhakika kwamba hakutoka na hasara, na yeye hakuona haya kuvipokea.

Zawadi yake niliitenga na hayo. Nilikwenda dukani kumtafutia doti ya khanga, na hapo nilikaa sana, maana khanga husomwa kabla ya kuvaliwa. Nzuri kwa rangi nyingi zilikuwa na vijembe. Ukimpa jirani ya namna hiyo, mtaa mzima utauliza mna ugomvi gani. Nikachukua iliyoandikwa "Wema hauozi". Sikuikata wala kuipinda, aipeleke kwa fundi mwenyewe.

Tulikwenda jioni, mimi, watoto, na mume wangu akitembea polepole na mshono wake. Nilisubiri mumewe awepo, kwa sababu naye alipisha kitanda chake akalala sebuleni, na watu humsahau baba wa nyumba katika shukrani. Mume wangu akamwambia, "Mzee wangu, mmenisitiri." Mimi nilitaja mambo yenyewe: uji ambao mama alimnywesha mwanangu mdogo aliyekuwa akilia usiku, na hotpoti ya wali aliyonitumia wodini. Hotpoti hiyo niliirudisha na mkate wa kumimina ndani. Chombo hakirudi kitupu. Mama alilia kidogo, nami nikalia.

Niliogopa vitu vingi vingemfanya ajione amelipwa, tukawa tumemalizana. Wiki iliyofuata alibisha hodi asubuhi, mjukuu mgongoni: "Mwanangu, nishikie huyu, nakwenda kliniki ya presha." Hakuomba radhi wala hakuzunguka maneno. Nikampokea mtoto, nikamwambia asiharakishe kurudi.